Netiboli Malindi: hesabu msimu kuanzia Juni kurudi Januari

"Kocha, salaam aleikum. Nafundisha shule ya upili ya kutwa hapa Malindi na nina wasichana 14 wa netiboli, miaka 14 hadi 17. Mazoezi ni mara tatu kwa wiki kwenye uwanja wa mchanga. Mwaka jana tulipita zoni vizuri, lakini kwenye mashindano ya kaunti ndogo wawili waliumia magoti na waliobaki walikuwa hoi siku ya pili. Nipange vipi mazoezi kuanzia Januari mpaka michezo iishe?"

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Usianze na Januari. Tafuta kwanza tarehe ya mashindano ya kaunti ndogo, hata kama ni ya kukadiria, kisha hesabu kurudi nyuma. Netiboli iko kwenye michezo ya muhula wa pili, kwa hiyo tuchukulie kaunti ndogo ni katikati ya Juni, Ijumaa na Jumamosi. Kikosi kikifika fainali kitacheza labda mechi tatu siku ya kwanza na mbili siku ya pili. Mpango wako wote ni wa kumwezesha msichana kubeba siku hizo mbili, na hapo ndipo ninapoona mwaka jana mambo yalipokwama.

Tuhesabu. Kuna kipimo rahisi kinachotumiwa sana na makocha, na hakihitaji chombo chochote. Mazoezi yakiisha, baada ya kama nusu saa, muulize kila msichana kazi ya leo ilikuwa ngumu kiasi gani kuanzia 0 hadi 10, ambapo 0 ni kupumzika na 10 ni mwisho wa uwezo wake. Zidisha jibu hilo kwa dakika alizofanya kazi. Dakika 60 kwa ugumu wa 6 ni 360. Mara tatu kwa wiki, 1,080. Huo ndio mzigo wake wa wiki.

Sasa weka mashindano kwenye mizani hiyohiyo. Tuseme mechi zimefupishwa kuwa robo nne za dakika 10, na ugumu wake ni 8. Mechi moja ni 320. Mechi tano ni 1,600, zote ndani ya saa thelathini hivi. Msichana aliyezoea 1,080 kwa wiki nzima anabebeshwa mara moja na nusu ya mzigo huo kwa siku mbili. Siku ya pili mapaja yamekufa, anachelewa kufika kwenye mpira, anaruka akiwa hajajipanga, na anatua vibaya. Uchovu na magoti uliyonisimulia naona ni tatizo moja.

Waulize mmoja mmoja, pembeni, maana wakijibu mbele ya wenzao wote watasema 4. Andika kwa kila mchezaji, si kwa timu. Senta anaruhusiwa kukimbia uwanja wote isipokuwa ndani ya nusu duara za magoli, na kwa kawaida yeye ndiye anayekimbia kuliko wote. Golikipa na mfungaji wamefungwa kwenye theluthi moja, hawakimbii umbali mrefu lakini wanaruka mno. Mazoezi ya saa moja yaleyale yanaweza kuwa 8 kwa senta na 5 kwa golikipa.

Kabla ya mzigo, kutua. Hili ndilo jambo la kuanza nalo Januari, na ningelipa nafasi kuliko hata pasi.

Netiboli ni mchezo wa breki. Msichana anakimbia kwa kasi yote, anadaka hewani, halafu sheria inamtaka asimame palepale. Akitua kwa mguu mmoja anaweza kupiga hatua kwa ule wa pili na kuinua ule wa kwanza, lakini mpira lazima uwe umeshatoka mikononi kabla mguu wa kwanza haujagusa chini tena, na yote hayo ndani ya sekunde 3. Hakuna mchezaji wa kandanda anayelazimika kusimama hivyo mara kwa mara. Ligamenti ya mbele, ile inayopita katikati ya goti, hukatika zaidi katika kitendo hichohicho bila mtu kumgusa: mguu umenyooka karibu kabisa, goti linaanguka kwa ndani, na mwili unazunguka juu ya unyayo uliokwama. Wasichana wako katika hatari zaidi ya wavulana wa rika lao, hasa baada ya kubalehe.

Namna ya kuwajua walio hatarini ni hii. Weka sanduku au benchi la urefu wa sentimita 30, mwambie msichana ashuke atue kwa miguu miwili kisha aruke juu mara moja. Wewe simama mbele yake na simu, urekodi kwa mwendo wa polepole ikiwa simu inaweza. Tazama magoti tu. Yakibaki juu ya vidole vya miguu, sawa. Yakikaribiana kana kwamba yanataka kusalimiana, mwandike. Kisha asimame kwa mguu mmoja na kuchuchumaa taratibu. Nyonga ya upande wa pili ikishuka au goti likiyumba kwa ndani, mwandike tena. Sikiliza pia, kwani anayetua kwa kishindo ametua na miguu iliyokakamaa.

Dawa yake ni dakika 15 mwanzoni mwa kila mazoezi, msimu mzima, badala ya kuzunguka uwanja kivivu. Wiki ya kwanza wanaruka papo kwa papo, wanatua kwa miguu miwili, nyonga na magoti yakikunjwa, na wanaganda kwa sekunde mbili. Wiki ya pili wanafanya vilevile wakidaka pasi. Wiki ya tatu wanakimbia hatua nne, wanadaka, wanatua kwa mguu mmoja kisha wa pili. Wiki ya nne wanageuka hewani kabla ya kutua, na mwenzao anawasukuma kidogo begani. Anza na kutua kama mara 40 kwa siku, polepole ufike 80. Neno la kumwambia ni fupi, "piga hatua ndogondogo kabla ya kusimama", maana hatua ndefu ya mwisho ndiyo inayonyoosha goti. Ongeza mazoezi matatu ya nguvu: kuchuchumaa, hatua ndefu ya kushuka, na lile la kupiga magoti mwenzake amshike vifundo, naye ajishushe mbele taratibu kadiri misuli ya nyuma ya paja inavyoweza kumzuia. Hili la mwisho anza na mara 3 tu, kwani kesho yake hata kukaa darasani kutakuwa taabu. Chama cha netiboli cha Australia kimetengeneza mpango mzima wa namna hii kwa ajili ya magoti, unaitwa KNEE, na unapatikana bure mtandaoni pamoja na video.

Sasa huo uwanja wenu wa mchanga. Mchanga ni mzuri Januari, unapunguza kishindo na unajenga miguu. Shida ni kwamba haufundishi breki. Unyayo unazama na kuteleza kidogo, goti halipati mkwamo wa ghafla. Timu inafanya mazoezi miezi mitano kwenye mchanga, halafu inapelekwa kucheza kwenye udongo mgumu au saruji, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza mguu unasimama pale ulipotua. Kwa hiyo kuanzia Februari, siku moja kwa wiki watue kwenye ardhi ngumu, hata uani pa shule. Dakika 15 mwanzoni, na kufikia Mei kipindi kizima kimoja kwa wiki. Raba pia ni hivyohivyo. Anayecheza pekupeku asivalishwe raba mpya wiki ya mashindano. Azivae tangu Februari au abaki pekupeku mahali panaporuhusiwa.

Kalenda yako, basi, itakwenda hivi.

Januari hadi katikati ya Februari ni maandalizi ya jumla. Siku tatu, kila moja dakika 50 hadi 60, ugumu wa 5. Kutua, nguvu, pasi za msingi, na kukimbia. Joto la kaskazi ni kali, hivyo msianze kabla ya saa kumi na nusu jioni, na maji yawe pembeni kila baada ya dakika 15. Kukimbia kwenyewe kuwe kwa vipande: mbio za kasi sekunde 15, kutembea sekunde 45, mara 6 wiki ya kwanza na mara 10 wiki ya nne. Mizunguko mirefu ya uwanja haifanani na netiboli. Ukitaka kuwabadilishia hali, ufuo wa Malindi maji yakitoka una mchanga mgumu mpana unaofaa sana kukimbilia, ila chagua siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jioni ndipo maji yanapojaa na hutapata pa kukimbia. Siku za maji mafu ndizo zinazokufaa jioni.

Miaka hii Ramadhani inaingia Februari na Machi, katikati kabisa ya maandalizi yako. Usiifute na usiipuuze. Mwili haupotezi nguvu kwa mwezi mmoja ukiendelea kufanyishwa kazi mara mbili kwa wiki, kwa hiyo shusha siku kuwa mbili, dakika 35 kila moja, zikiisha karibu na magharibi ili wapate futari mapema. Hapo weka kutua kwa idadi ndogo, kufunga magoli, na kupanga mikao uwanjani kwa kutembea. Mbio za vipande ziache. Mazoezi baada ya tarawehe yanafanya kazi kwa timu za wanaume mtaani. Kwa wasichana wa shule ya kutwa wanaorudi nyumbani kwa miguu, sahau. Na jambo moja la adabu: ukiwa na mchanganyiko wa waliofunga na wasiofunga, usigawe makundi kwa kigezo hicho wala usiulize nani hajafunga leo na kwa nini. Wote wafanye kazi ile nyepesi.

Baada ya Idi zinakuja siku za mitihani, kisha likizo ya Aprili. Hili ndilo shimo. Wengine watakwenda Magarini kwa bibi, wengine Watamu, na wiki tatu zitapita bila kuruka hata mara moja. Wakirudi mwisho wa Aprili, kocha anaona zoni iko mlangoni, anawakimbiza kila siku, na magoti yanaanza kuuma kabla ya mechi ya kwanza. Wape kazi ya nyumbani isiyohitaji mpira wala uwanja: dakika 15, mara tatu kwa wiki, kutua mara 30, kuchuchumaa, hatua za kushuka, na mbio sita fupi barabarani. Nusu yao hawataifanya, na utawajua siku ya kwanza kwa mtihani uleule wa kushuka kwenye sanduku.

Muhula wa pili una kama wiki saba hadi katikati ya Juni, na hapa hesabu inarudi. Nachukulia mchezaji aliyefanya kazi ya likizo. Wiki ya kwanza siku tatu za dakika 60 kwa ugumu wa 5, jumla 900. Ya pili ugumu upande hadi 6, yaani 1,080. Ya tatu urefushe kila kipindi hadi dakika 70, upate 1,260. Ya nne ni ya zoni: siku mbili za kawaida, 720, na mechi zenyewe zitaongeza 320 kila moja, usiongeze kitu juu yake. Ya tano siku mbili za dakika 70, ambazo ni 840, na Jumamosi mechi mbili za kirafiki za urefu kamili, 640, jumla 1,480. Ya sita ndiyo kilele. Siku mbili zilezile, 840, na Jumamosi mechi tatu kwa siku moja, 960. Jumla 1,800.

Hiyo Jumamosi ya wiki ya sita usiiache hata kama walimu wenzako wanaona ni kuwatesa. Alikeni shule mbili, mcheze kwa zamu na mapumziko ya saa moja na nusu katikati, kama itakavyokuwa. Siku hiyo utaona nani anatua kwa kishindo mechi ya tatu, nani amesahau kula, na kama senta wako wa pili anaweza kubeba robo mbili. Ni afadhali uyaone hayo pale kuliko kwenye nusu fainali.

Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi Malindi, na kuna siku uwanja utakuwa bwawa. Usiwatue kwenye tope linaloteleza juu ya ardhi ngumu. Ingieni barazani au darasani, msogeze madawati, mfanye nguvu na kufunga kwa kulenga alama ukutani. Siku iliyopotea usiilipe kwa kuibandika juu ya kesho.

Wiki ya saba, ya mashindano, kata muda lakini usikate kasi. Jumatatu na Jumatano dakika 40 tu, ugumu wa 6 au 7, kazi fupi na kali, na Alhamisi wapumzike. Kocha mwenye wasiwasi huongeza mazoezi wiki hii. Hakuna unachoweza kumjengea msichana kwa siku nne isipokuwa uchovu.

Kuhusu ufungaji sitakaa sana. Pete iko mita 3.05 juu, nusu duara ina nusukipenyo cha mita 4.9, na wafungaji wako waanze chini ya pete, warudi nyuma hatua moja tu pale wanapofunga mara nane kati ya kumi. Kuanzia Mei wafunge wakiwa wamechoka, mara tu baada ya mbio, kwa sababu ndivyo mechi ilivyo.

Siku za mashindano, wachezaji 14 ni mali. Mabadiliko ya kati ya robo yanaruhusiwa, basi yapange usiku uliotangulia, usingoje mtu aombe. Senta wa kwanza asianze mechi zote tano. Kwenye mechi mnayoongoza kwa magoli kumi hana sababu ya kuwa ndani robo ya nne. Kati ya mechi wakae kivulini, si kusimama juani kushangilia wengine. Wale vitu vidogo vinavyoshuka haraka: ndizi mbivu, mahamri, tende, viazi vitamu vya kuchemsha, na maji au dafu. Biriani la mfadhili lisubiri jioni. Kabla ya kila mechi wapashe mwili moto upya kwa dakika 10, wakitua wachache kwenye uwanja huohuo ili miguu iujue.

Mkifuzu kaunti, mnabaki na wiki mbili au tatu. Siku tatu za kwanza ni mapumziko, kisha rudia wiki ya tano kwa ukubwa wake, kisha wiki ya saba. Usijaribu kupanda kilele kipya.

Dalili za kwamba mzigo umezidi utaziona kabla ya jeraha. Mazoezi yaleyale ya 6 anayaita 8 wiki mbili mfululizo. Asubuhi anashuka ngazi kiubaviubavu. Msichana ambaye hedhi yake imekatika miezi mitatu katikati ya msimu, mara nyingi anakula kidogo kuliko anavyofanya kazi, na anastahili kuonwa na daktari; mwalimu wa kike ndiye wa kumuuliza, kwa faragha.

Michezo ikiisha, wiki moja hakuna mazoezi ya aina yoyote. Wiki mbili zinazofuata wacheze chochote kisicho netiboli, waogelee, wapige kandanda, bila wewe kupuliza filimbi. Muhula wa tatu siku moja kwa wiki inatosha, yenye kutua na nguvu ndani yake, ili Januari usianze sifuri.

Nimeacha wale wawili wa mwaka jana mwisho makusudi, kwa kuwa wao hawaingii kwenye mpango huu mpaka ujue wana nini. Waulize walivyoumia. Kama alisikia kitu kikilia "tak", goti likavimba ndani ya saa chache, na tangu hapo linamkimbia anapogeuka, hiyo ina sura ya ligamenti. Aende hospitali aonwe na daktari wa mifupa kabla ya kurudi uwanjani, hata kama sasa anatembea vizuri. Ligamenti iliyofanyiwa upasuaji haichezi mashindano kabla ya miezi 9, na anayewahi hujihatarisha kuikata tena. Kama ni maumivu ya mbele ya goti yaliyokuja polepole, au kinundu kinachouma chini ya kilegesambwa kwa msichana anayerefuka, mara nyingi hahitaji kuacha kabisa. Mpunguzie kuruka hadi nusu, mwendelezee nguvu, na umruhusu maumivu yasiyozidi 3 kati ya 10 mradi kesho yake yawe yameisha. Kabla ya kumrudisha kwenye mechi, mwambie aruke kwa mguu mmoja mbele kadiri awezavyo na atue bila kuyumba, upime kwa futi, kisha mguu wa pili. Mguu ulioumia usipofika asilimia 90 ya ule mzima, bado hajawa tayari.